Kuupa jina mchezo wa methali: namna nilivyofika kwenye "Bandu Bandu"

Mchezo wenyewe ulikuwa tayari kabla ya jina. Ubao una njia ya vituo 48. Kuna kadi 60, na kila kadi imeandikwa mwanzo wa methali mmoja tu. Jirani yako anakusomea mwanzo huo, wewe unaumalizia, kisha unataja tukio moja ambalo ungeitumia methali hiyo. Wenzako wakikubali, unachukua kadi na kusogea mbele. Watu wa kuujaribu hawakukosekana: watoto wa mtaani, wapwa zangu, wazee wa barazani. Kilichokosekana ni jina, na hilo lilinichukua muda mrefu kuliko kuchora ubao.

Ninaeleza hapa njia niliyopita, pamoja na majina niliyoyatupa na sababu za kuyatupa. Kama una mchezo wa methali mkononi, hatua ni zilezile hata kama jina lako litakuwa jingine kabisa.

Hatua ya 1: Andika mkono wa mchezaji unafanya nini

Usianze na maneno mazuri. Anza na sentensi moja inayosema mchezaji anafanya nini kwa mkono na mdomo wake. Yangu ilikuwa hii: "Mchezaji anamalizia methali, anachukua kadi moja moja hadi rundo linakwisha." Ibandike ukutani.

Sababu yake utaiona ukiangalia mchezo mmoja ambao jina lake ni la Kiswahili na umeenea dunia nzima: Jenga. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliupeleka kwenye maonyesho ya vichezeo jijini London mwaka 1983. Ni vipande 54 vya mbao vinavyopangwa kama mnara, kisha kila mmoja anachomoa kimoja na kukiweka juu. Kwa Mzungu, neno hilo ni sauti tu. Sisi tunasikia amri, na papo hapo tunacheka kimoyomoyo, kwa kuwa kazi inayofanyika pale ni kujenga huku unabomoa. Jina halikusema "mnara" wala "mchezo", limetaja tendo na kulipa sauti ya kuamrisha.

Ila sisi hatuwezi kuiga hapo tu. Wasomaji wetu wanaelewa kila silabi ya jina, kwa hiyo jina la mchezo wa methali lina mzigo wa pili: mtu alisikie na ahisi kuna busara ndani bila sisi kuandika neno "busara". Nitarudi kwenye hilo, ndiyo sehemu yenye utamu.

Hatua ya 2: Andika majina mabaya kwanza, uyamalize

Kila mtu ana majina matano au sita yanayokuja yenyewe. Yaandike uyaone yakiwa kwenye karatasi, la sivyo yatakurudia kila usiku. Yangu yalikuwa "Hekima", "Mchezo wa Methali", "Bao la Busara", "Kete za Hekima", "Bahati na Busara" na "Tega".

"Hekima" lina uzito wa mimbari. Niliwaambia watoto wawili, "Njooni tucheze Hekima," mmoja akauliza kama kuna mtihani. "Mchezo wa Methali" linaeleza sawasawa kilichomo, lakini katika baadhi ya nyumba hujibiwa kwa swali usilolitarajia: ni Methali za Biblia? Kitabu hicho katika tafsiri ya Habari Njema kinaitwa hivyohivyo, na katika Union Version ni "Mithali". Mama mmoja wa Kiislamu aliniuliza kwa upole kama mchezo ni wa Wakristo. Zaidi ya hapo, jina linalotaja tu aina ya kitu ni gumu kulisajili liwe lako peke yako, maana kila anayeuza mchezo wa methali ana haki ya kuuita mchezo wa methali.

"Bao la Busara" lilinipendeza kwa siku tatu. Bao ni mchezo wetu, wenye mashimo 32 na kete 64, na kila mpwani anaujua hata kama hauchezi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Anayesikia "bao" anatarajia mashimo, nyumba, kunamua na mtaji. Ukimfungulia boksi lenye kadi atahisi umemdanganya. Na asiyelijua bao atasikia goli la mpira. Vijana nao wana maana yao nyingine ambayo sitaiandika hapa.

"Kete za Hekima" ndilo lililonigharimu pesa. Nilichapisha maboksi 30 ya majaribio. Kwangu kete ni kete: ya bao, ya ludo, ya drafti. Nikampelekea mwalimu wa shule ya msingi, naye akaligeuza boksi mara mbili, akasema, "Mwalimu mkuu akiona 'kete' kwenye stoo ya shule, mimi nitaeleza nini?" Nilipofika nyumbani nikaandika neno hilo kwenye simu kutafuta mtandaoni, na ukurasa wa kwanza ukajaa habari za polisi kukamata watu na kete za bangi na heroini. Neno la babu zetu limetekwa. Maboksi yale bado ninayo, nimewekea misumari.

"Bahati na Busara" nililitupa kwa sababu hiyohiyo ya ujirani mbaya. Siku hizi "bahati", "shinda", "zawadi" na "mkwanja" ni maneno ya kubeti na bahati nasibu. Mzazi anayepita haraka dukani hatasimama kusoma sehemu ya "busara".

Na "Tega"? Hilo kila mtu alilipenda, na mimi ndiye niliyelikataa. Ni fupi na ni amri kama Jenga. Lakini "Tega!" ni mwitikio wa kitendawili. Anayetega anatega kitendawili, na ukishindwa unampa mji. Methali haitegwi. Mtu aliyekaa na bibi yake jioni angeliona kosa hilo kabla ya kufungua boksi, na mtu huyohuyo ndiye ninayetaka anunue. Kama mchezo wako ni wa vitendawili, lichukue ukalihangaikie.

Hatua ya 3: Vunja methali katikati

Sasa kwenye busara. Methali nyingi za Kiswahili zina mbavu mbili. Ubavu wa kwanza unaning'inia hadi wa pili ufike: haba na haba, hujaza kibaba, penye nia, pana njia, mwenda pole, hajikwai. Ukisema ubavu wa kwanza ukanyamaza, aliyelelewa na lugha hii hawezi kukaa kimya. Mdomo unamwasha.

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta. Jina lililo nusu ya methali hufanya mambo mawili kwa pamoja. Linaonyesha kuna busara, kwa kuwa msikilizaji anaijua nusu iliyofichwa. Na linamchezesha palepale, kwa kuwa anaimalizia. Kabla hajanunua ameshacheza zamu ya kwanza.

Chukua methali zote za kwenye kadi zako, piga mstari katikati ya kila moja, na uandike nusu za kwanza kwenye safu yao. Zangu 60 zilipunguka haraka nilipoondoa zenye maneno zaidi ya matatu. Kanga inaweza kubeba methali nzima, na sisi huiita "jina" la kanga, lakini kanga ina nafasi ya kutosha chini ya mji wake. Ubavu wa boksi ni sentimita nne, na boksi likipangwa dukani huo ubavu ndio unaoonekana.

Kisha uliza: nusu ipi haina ugomvi? Methali hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na mara nyingi kinachobadilika ni mkia. Jina lililonishika sana mwanzoni lilikuwa "Mcheza Kwao". Lina kucheza ndani yake na ni nusu ya methali, nikadhani nimefika. Nikawaambia watu wamalizie. Wengine wakasema "hutuzwa", wengine "hutunzwa", na kikao kizima kikaishia kwenye ubishi wa kama ni kutuza mshindi au kutunza kama wanavyomtunza mwimbaji wa taarabu. Ubishi mtamu, ila haukunitisha, maana nusu yangu wote waliikubali.

Kilichoniangusha ni vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni ulimi: "Twende tukacheze Mcheza Kwao." Sema mara tatu utaona unavyojikwaa. Cha pili ni ile karatasi ya ukutani. Katika mchezo wangu hakuna mtu aliye kwao, hakuna ngoma, hakuna anayetuzwa na wenyeji. Jina lilikuwa zuri kwa mchezo wa mtu mwingine.

Vivyo hivyo "Mpanda Ngazi", ambayo mkia wake ni "hushuka". Ukiwa na ubao wa nyoka na ngazi wenye methali, sijui utatafuta nini kingine. Mimi sina ngazi.

Hatua ya 4: Linganisha nusu hizo na sentensi ya ukutani

Soma sentensi yako, kisha soma nusu zilizobaki moja baada ya nyingine, polepole. Unatafuta methali ambayo picha yake ndiyo tendo la mkono wa mchezaji. Sentensi yangu ilisema anachukua moja moja hadi rundo linakwisha. Nilipofika kwenye "bandu bandu" nikacheka peke yangu.

Bandu ni kipande kidogo kinachotoka mti unapochongwa. Bandu bandu huisha gogo: ukilichonga kidogo kidogo, gogo zima linamalizika. Wengine husema "humaliza gogo". Tazama tena mkia umebadilika na kichwa kimebaki vilevile. Na ni methali yenye makali pande mbili. Kwa mwenye kazi kubwa ni faraja, atoe kidogo kila siku. Kwa mwenye duka anayechota mia mbili mia mbili kwenye droo, ni onyo. Nilitaka mchezo ambao watu wanabishana juu ya matumizi ya methali, na hii yenyewe imekuja na ubishi wake.

Sauti pia ilinisaidia. Neno linalorudiwa lina mchezo ndani yake kwa asili ya lugha yetu, ndiyo maana watoto hawasahau "haraka haraka" na "haba na haba". "Haba na Haba" lilikuwa mshindani wa kweli, lakini lile ni la kujaza, na mchezo wangu ni wa kumaliza. Pia maneno hayo yameshatumika mno kwenye mambo ya akiba na vikoba, na mtu angefungua boksi akitafuta daftari la michango.

Kuna kitu ambacho sikukitarajia: jina lilirudi kurekebisha mchezo. Zamani kadi zilikaa kwenye kiboksi pembeni. Baada ya jina, nilizihamishia katikati ya ubao, zikasimama kama rundo moja, nikaliita gogo. Kadi moja uliyoshinda inaitwa bandu. Kuichukua ni kubandua, na unatamka "Nabandua!" kabla ya kuigusa. Kanuni ya mwisho wa mchezo, iliyokuwa aya nzima, ikawa sentensi moja: gogo likiisha, hesabuni bandu. Jina lisilokuzalia hata neno moja la kanuni huenda limebandikwa juu tu, halijaota.

Hatua ya 5: Lijaribu kwa masikio, si kwa macho

Usimwonyeshe mtu jina limeandikwa kwa herufi za rangi halafu umuulize kama ni zuri. Atasema ni zuri. Fanya hivi.

Sema jina, nyamaza, hesabu hadi tatu moyoni. Ukiona watu wazima wengi wanamalizia wenyewe, nusu hiyo ni hai. Wakikutazama tu, methali yako ni ya vitabuni. Kwa "bandu bandu" wazee wa pwani walimalizia bila kufikiri, watoto wa bara wengi hawakujua. Hilo halikunisumbua, kwa kuwa wale watoto walirudia sauti yake na kuuliza ni nini. Mtoto anayeuliza "bandu ni nini?" ameshaingia mchezoni. Asiyeuliza na asiyemalizia ndiye wa kumwogopa.

Kisha mpigie mtu simu kwenye mtandao unaokatakata, mtajie jina mara moja, umwombe alitume kwa ujumbe alivyolisikia. Mpwa wangu alinitumia "bando bando" na kuniuliza kama nimemuwekea vifurushi. Nilijaribu kwa wengine, wengi wao waliandika sawa, lakini somo lilibaki: kwenye boksi herufi U lazima isomeke waziwazi, siyo ile miandiko ya kujikunja inayofanana na O. Nilibadilisha mwandiko, jina nikaliacha.

Mwisho litie kwenye sentensi za kila siku. "Tucheze bandu bandu." "Jana alinifunga bandu bandu." "Bandu bandu iko wapi?" Jina likikataa sentensi mojawapo, watu watalifupisha wenyewe, na ufupisho huo ndio utakuwa jina lako utake usitake. Langu wanalifupisha "bandu", nami sina neno.

Tembeza jina nje ya mtaa wako pia. Mimi nilikuwa nimepanga kuandika methali nzima kwenye kifuniko, hadi rafiki wa Dodoma alipoisoma kwa sauti, "huisha gogo", akauliza Wagogo wamenikosea nini. Ulikuwa utani, na wanaujua utani kuliko mimi. Lakini nikaona sababu nyingine ya kuacha mkia ndani ya boksi. Mwenzangu mwenye ndugu Kongo naye alinikumbusha kuwa Bandundu ni mji wa huko magharibi. Ukiandika jina vibaya kidogo, mtandao unakupeleka mto Kwilu. Siyo kosa la jina, ni jambo la kujua kabla ya kuchagua tahajia.

Hatua ya 6: Weka maelezo chini yake, kwa herufi ndogo

Jina la fumbo linahitaji msaidizi asiye na fumbo. Chini ya "Bandu Bandu" nimeandika: "Mchezo wa methali kwa watu 2 hadi 6". Basi. Neno nililolikataa kuwa jina limepata kazi yake halali hapa, kueleza. Pinga kishawishi cha kuongeza "wa kuelimisha na kuburudisha". Maneno hayo yako kwenye kila kitu kuanzia kalenda hadi dawa ya mswaki.

Ndani ya kifuniko, mtu anapokifungua, ndipo panaposomeka: "…huisha gogo." Aliyemalizia dukani anapata uthibitisho, asiyejua anapata jibu.

Hatua ya 7: Tafuta kama lina mwenyewe, kisha lisajili mahali sahihi

Andika jina mtandaoni kwa tahajia zote: maneno mawili, neno moja, na kistari katikati. Tafuta kwenye maduka ya programu za simu vilevile, hata kama mchezo wako ni wa karatasi.

Watu wengi huchanganya mambo matatu. Kusajili jina la biashara kunakupa haki ya kufanya biashara kwa jina hilo, hakukupi jina la mchezo. Hakimiliki inalinda michoro yako na maandishi ya kanuni ulivyoyaandika, hailindi jina fupi. Kinacholinda jina la bidhaa ni alama ya biashara. Tanzania Bara unaiomba BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa ORS. Zanzibar ina usajili wake kupitia BPRA, na cheti cha Bara hakivuki maji. Kenya ni KIPI. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na michezo na vichezeo viko daraja la 28, kwa hiyo anayetengeneza sabuni ya "Bandu Bandu" huenda asiwe na ugomvi na wewe. Ukisajiliwa Bara, ulinzi wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Methali yenyewe haiwi mali yako, na usijaribu kujifanya ni yako. Kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" nchini Marekani kwa ajili ya fulana mwaka 2003, na ilipofika 2018 watu wakaanzisha ombi la kuipinga kwa maelfu ya sahihi. Kisheria usajili ule haukumzuia mtu kusema maneno hayo, lakini hasira ilikuwa ya kweli. Mimi niliomba alama pamoja na mchoro: gogo lenye vibanzi vinavyoruka na jina limechongwa juu yake. Anayetaka kuandika methali hiyo kwenye kanga au daladala yake aandike.

Omba kwa tahajia moja tu na uishikilie kila mahali. Mimi nimechagua maneno mawili, kwa kuwa ulimi unapumzika kidogo katikati. Kwenye majina ya kurasa za mtandaoni, ambako nafasi haikubaliki, nimechukua "bandubandu" siku ileile niliyolipa ada, kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Na safari hii nilichapisha stika kwanza, si maboksi.